Wafuasi Wasio na Sura

Saa 1 na dakika 10 usiku, rili yetu ilikuwa na dakika kumi tangu ipande. Shangazi amekaa kwenye mkeka barazani kwake, Kibirizi, simu ya biashara ameilaza juu ya ndoo iliyofunikwa kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa pakiti 400 za dagaa, gramu 250 kila moja, zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Dagaa wa chanja, si wa kuanikwa mchangani. Tulikuwa tumetoka kwenye giza zuri, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo wavuvi wanavua kwa taa, mitumbwi ilirudi imejaa, na jua halikutuangusha hata siku moja.

"Wangapi sasa?" akauliza.

"Laiki 640."

"Mashaallah."

Saa 3 zilifika 1,912. Simu juu ya ndoo ilikuwa imelia mara moja tu, na aliyepiga alikuwa kijana wa kuuza mifuko anadai chenji yake.

Shangazi akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa: "Mwanangu, hawa watu elfu moja na mia tisa, wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyemchagua yule influensa, mimi ndiye niliyemshawishi shangazi atoe shilingi 150,000 kwa rili moja na stori mbili. Kwa siku nne zilizofuata tuliuza pakiti tatu kupitia tangazo lile.

Swali lake nimekaa nalo wiki sita. Naliandika sasa kwa sababu jibu nililolipata kwanza lilikuwa na kosa, na kosa hilo lilimuumiza mtu asiyehusika.

Namba zilizokuwa wazi tangu mwanzo

Yule kijana ana wafuasi 41,300. Anaishi hapa Kigoma mjini, anaposti mavazi, sherehe, na vichekesho kidogo. Kabla ya kumlipa nilifanya kile ambacho wengi tunafanya: nikagawanya laiki kwa wafuasi. Laiki 1,900 kwa wafuasi 41,300 ni kama asilimia 4.6. Nikaridhika. Nikamwomba picha ya skrini ya miji wanakotoka wafuasi wake, akanitumia, Kigoma ikawa ya pili baada ya Dar es Salaam. Nikaridhika tena.

Sikutazama namba iliyokuwa hapo hapo, chini ya kila rili, ambayo haihitaji ruhusa ya mtu: rili imetazamwa mara ngapi.

Yetu ilitazamwa mara 2,431. Ina laiki 1,912.

Tulia na namba hizo mbili kidogo. Wewe mwenyewe ukiwa umelala unapitisha rili kwa kidole, unapenda ngapi kati ya kila kumi? Nikijihesabu mimi, hata moja haifiki. Halafu kule kuna watu ambao karibu wanne katika kila watano walioiona wamebonyeza moyo, wakiwemo waliopita haraka bila hata kusikia sauti. Na Instagram inahesabu kila mara video inapochezwa, kwa hiyo mtu mmoja akiirudia anaongeza namba ya kutazamwa, ile ya laiki inabaki palepale. Watu halisi, basi, walikuwa wachache hata kuliko 2,431.

Laiki zilipandishwa kwa njia ambayo haikupita kwenye video. Aliyeziuza hakuwa na haja ya kuitazama.

Nikarudi kwenye rili zake nyingine. Harusi: laiki 1,904. Viatu vipya: 1,871. Mbuzi aliyepanda juu ya bodaboda, kitu ambacho mji mzima ungekicheka: 1,933. Ukurasa wa mtu wa kweli unapanda na kushuka. Posti moja inapata 90, inayofuata 700, nyingine inakufa kabisa na mwenyewe hajui kwa nini. Hapa palikuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Mtu alinunua fungu la laiki za kila posti, na fungu lilikuwa linaletwa kwa wakati.

Komenti nazo. Zilikuwa 58, na usiku ule nikiwa nimeshika simu niliona 51 zikiingia ndani ya dakika kumi za mwanzo. "Moto." "Umeua kaka." "Noma sana." Hakuna hata moja yenye neno dagaa. Majina yale yale nikayakuta kwenye rili ya viatu na ya harusi, karibu kwa mpangilio ule ule, na yeye pia nikamkuta kwenye kurasa zao akiandika "Umeua." Hao walikuwa watu halisi kabisa. Ni grupu la WhatsApp la kukomentiana: mmoja akiposti anatupa linki, wengine wanakimbia kuandika. Hawaji kununua kitu, wanakuja kulipa deni la komenti.

Ile picha ya skrini ya miji sitaki kuisemea sana. Nilipomwomba baada ya hasara anitumie video badala ya picha, akasema simu inasumbua. Picha ya skrini inahaririwa kwa dakika mbili. Video ya kurekodi skrini ni ngumu zaidi: mtu anaanzia kwenye ukurasa wake mwenyewe, anafungua Insights, sehemu ya takwimu za ukurasa, anaingia kwenye Followers, anashuka mpaka kwenye miji, kisha nchi, bila kukata. Asiyeweza kukupa hiyo ndani ya siku moja, mshukuru na uendelee na mwingine.

Chujio nililojitengenezea

Baada ya hapo niliingiwa na ukali. Nilisema hatutaibiwa tena. Nikasoma kila nilichokipata kuhusu wafuasi wa kununua, na maelezo yote yalifanana: akaunti ya bandia haina picha, jina lake lina tarakimu nyingi, haijaposti chochote, inafuata watu wengi na yenyewe haifuatwi na mtu.

Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa na wanne mkononi ambao tungeweza kuwamudu, wote chini ya wafuasi 10,000. Kwa kila mmoja nilifungua orodha ya wafuasi, nikaruka wale wa juu kwa sababu Instagram inakutangulizia watu mnaofahamiana, kisha nikachukua mmoja katika kila kumi mpaka wakafika 50. Nikaandika kwenye daftari: mzima, au wa shaka.

Mmoja wao alikuwa dada wa Kasulu anayepika. Wafuasi 3,180. Jiko la mkaa, sufuria moja nyeusi, anaongea polepole huku anakoroga. Video zake zinatazamwa kati ya mara 900 na 6,000.

Kati ya wafuasi 50 niliowapima, 27 walikuwa wa shaka. Hawana picha. Majina kama user na tarakimu nane mbele. Posti sifuri.

Zaidi ya nusu.

Nikamkata. Na sikumkata kimyakimya. Yeye ndiye aliyekuwa ametutafuta kwanza, alishamwambia shangazi kwamba dagaa wake anawapenda, wakapatana pakiti tano na shilingi 60,000. Nilimwandikia inboksi kwamba tumepima wafuasi wake tukakuta wengi ni wa kununua, na sisi hatufanyi kazi na watu wa namna hiyo. Maneno yalikuwa hayo hayo, "watu wa namna hiyo."

Siku mbili kimya. Siku ya tatu ikaja sauti ya dakika moja na nusu. Nimeisikiliza mara nyingi.

"Kaka, shikamoo kwanza kwa shangazi. Mimi sijanunua mtu. Hizo akaunti unazosema hazina picha, nyingi nimezifungua mimi kwa mkono wangu. Ni akina mama wa kikoba chetu, na wa Makere, na wa kwaya. Wamenunua simu, hawajui kufungua, wananiambia nifungulie nione unavyopika. Jina ninaacha simu ichague yenyewe. Picha hawataki kuweka, wengine waume zao hawataki. Wanatazama tu, kaka. Kutazama nako ni dhambi?"

Nilikuwa nimesimama stendi ya Masanga. Niliketi kwenye benchi la wauza tiketi.

Dalili zilitoka kwa nani

Nikarudi kwenye daftari nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kumwandikia. Nikapima kwa chujio lile lile wafuasi wa yule kijana wa laiki 1,912.

Wa shaka walikuwa 9 katika 50.

Kwa kipimo changu, mwizi alikuwa msafi na msafi alikuwa mwizi.

Wafuasi wake walikuwa na picha nzuri, tena za studio. Wana posti sita, nane, kumi. Wana maelezo mafupi na bendera. Wanaouza wafuasi wanasoma maelezo yale yale ninayosoma mimi, na wanajua tunachotafuta, kwa hiyo wanauza wa daraja la juu wenye picha na posti, kwa bei ya juu kidogo. Si biashara ndogo ya vichochoroni. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na mmiliki wa kampuni moja ya huko, Devumi, iliyokuwa inauza wafuasi na watazamaji wa bandia, na hukumu ikawa ya dola milioni 2.5. Mahali ambapo kuna pesa ya namna hiyo, kuweka picha kwenye akaunti ni kazi ndogo.

Nilichokipuuza ni majina. Wengi wa wale wenye picha nzuri walikuwa na majina ya Kireno, ya Kituruki, ya Kihindi, na maelezo yao kwa lugha hizo. Nilikuwa nimeyaona kabla ya kulipa, nikajiambia mavazi hayana mipaka. Mtu anayevaa kanzu na kuongea Kiswahili cha Ujiji, anafuatwa na mamia ya watu wa mbali wasioelewa neno analosema, nami nikampa udhuru. Mama wa Makere asiye na picha sikumpa.

Dalili zile ziliandikwa na watu wa mahali ambapo karibu kila mwenye simu anaposti uso wake. Kwetu mtu anafungua akaunti kwa ajili ya kutazama. Simu inapita mikono mitatu. Ikiharibika, nywila inasahaulika, anafunguliwa mpya. Ukitazama wafuasi wa mtu yeyote anayependwa vijijini Kigoma, utakuta umati wa watu wasio na sura.

Hata hesabu yenyewe ya watu 50 ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoibebesha. Ukipata 27 leo, ukarudia kesho kwa watu wengine 50 wa orodha ile ile, unaweza kupata 20, unaweza kupata 34, bila chochote kubadilika. Inatosha kutofautisha ukurasa wa wachache wa shaka na ukurasa wa nusu. Haitoshi kumwita mtu mwongo.

Nilimpigia. Niliomba radhi kwa sauti, si kwa maandishi, na shangazi akachukua simu akaomba kwa niaba ya familia. Alisema yamekwisha. Sina hakika kama kwa upande wangu yamekwisha.

Swali la mwenyeji

Lakini shangazi bado alikuwa na haki ya kuuliza wale watu wako wapi, na safari hii nilitaka kuuliza kwa namna ambayo mtazamaji mwenyewe atajibu, awe na picha au asiwe nayo.

Tukatafuta swali ambalo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hakutoka nyumbani kwake hapa mkoani siku hiyo. Swali la bei ya wastani halifai, jibu lake linapatikana popote. La "mnapenda dagaa?" halifai kabisa, hilo hata grupu la kukomentiana wataliweza. Tukafika kwenye hili: *Leo sokoni kwenu fungu la dagaa likoje, limekua au limepungua?*

Niliwaomba watatu waliweke kwenye stori na chini ya video ya kawaida, bila kutaja biashara yetu, nikawalipa vocha ya elfu 5 kila mmoja kwa usumbufu. Dada wa Kasulu alikuwa mmoja. Wa pili mchekeshaji wa Ujiji mwenye wafuasi 8,700. Wa tatu nilimwomba yule kijana wa mavazi, na akakubali.

Kwa kijana wa mavazi zilikuja komenti 54. "Moto." "Noma." Tatu zilitaja dagaa, mbili kati ya hizo zikiuliza, "Dagaa tena bro?"

Kwa dada wa Kasulu zilikuja 47, na kwa saa mbili nzima ziliendelea kama watu wanabishana kisimani. Mmoja anasema Heru Juu gari la samaki limefika jana lakini dagaa wamejaa mchanga. Mwingine anajibu mchanga ni wa muuzaji fulani, wa upande wa pili wako safi. Wa tatu anasema kwao fungu limekuwa dogo mpaka aibu kulipeleka jikoni. Mwenye tarakimu nane asiye na picha, wa Makere, ameandika mstari mmoja: *hapa hawajafika wiki mbili tunakula maharage.*

Ule mstari wa mwisho ulikuwa ni soko. Shangazi aliusoma mara mbili, akaniambia nimwandikie huyo mama kwamba wanakuja.

Mchekeshaji wa Ujiji alinifundisha jambo jingine. Majibu yalikuwa mengi, ya watu halisi, wenye vicheko vyao, lakini zaidi ya theluthi walikuwa wanazungumzia masoko ya Bujumbura, wengine kwa Kirundi. Video yake ya skrini nayo, aliyoituma ndani ya saa moja, ikaonyesha hivyo hivyo. Hakununua mtu. Ana ndugu na marafiki wa ng'ambo ya mpaka, na vichekesho vyake vinapita vizuri huko. Mimi siwezi kupeleka pakiti 20 Bujumbura kwa faida yoyote. Kwa hiyo kuna swali la kama wafuasi wapo, na swali la kama wanafikika na bidhaa yako. Nilikuwa nimeyachanganya. Tumekubaliana naye tutazungumza siku shangazi akipata mnunuzi wa jumla upande ule.

Alichoniambia kijana wa mavazi

Nilitaka kumwacha bila maneno. Shangazi akakataa, akasema mtu aliyekula hela yako ni lazima umsikilize mara moja.

Tulikutana Mwanga, kwenye kibanda cha chipsi. Sikumrukia. Nilimwonyesha namba mbili, 2,431 na 1,912, nikamwomba anieleze.

Alinyamaza muda. Kisha akasema mwaka jana alimlipa jamaa mmoja 30,000 ili ukurasa "upandishwe", na tangu hapo anamlipa kila mwezi. Aliamini kwamba jamaa analipia matangazo Instagram. Hakuwahi kuona risiti.

Namwamini nusu. Ile nusu ninayoiamini inatokana na kwamba vitu hivi viwili vinaitwa kwa neno moja mtaani, na vinaacha alama zinazopingana. Ukilipia tangazo kwa Instagram yenyewe, video yako inasukumwa mbele ya watu wengi ambao wengi wao wanapita tu: kutazamwa kunapanda juu sana, laiki zinabaki chache. Ukinunua laiki, zinapanda laiki na kutazamwa kunabaki chini. Ukiona elfu 40 wametazama na laiki 300, usimshtaki mtu, pengine alilipia tangazo kihalali, muulize tu. Ukiona 2,400 na 1,900, hapo hakuna tangazo lililolipiwa.

Nilimwonyesha pia sehemu ambayo hakuijua. Ukibonyeza nukta tatu juu ya ukurasa wa mtu kisha About this account, utaona tarehe akaunti ilipofunguliwa, nchi iliko, na kwa baadhi ya kurasa mara ngapi imebadilisha jina. Yake ilifunguliwa 2017, imebadilishwa jina mara nne, na posti yake ya kwanza inayoonekana ni ya miezi 14 iliyopita. Akakiri hapo kwamba akaunti aliinunua ikiwa tayari na wafuasi 20,000. Mwenyewe alianza na watu ambao hawakuwahi kumchagua.

Alirudisha 50,000. Hakulazimishwa.

Daftari la stendi

Giza lililofuata tulimpa kazi dada wa Kasulu. Wanaojua ziwa wananielewa: mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa unalala, na ukitangaza wakati huo unaita wateja kwenye chumba kitupu. Tulingoja mitumbwi irudi siku tatu mfululizo, chanja zikajaa, ndipo akaposti. Video tatu ndani ya siku kumi.

Kila influensa tunampa linki yake ya WhatsApp, iliyotofautiana kwa neno moja tu, ili ujumbe ukiingia tujue umetoka mlango gani:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nahitaji%20dagaa%20KASULU
```

Mteja akiibonyeza, WhatsApp inafunguka ikiwa na maneno "Nahitaji dagaa KASULU" tayari, yeye anatuma. Siku ya tano zilikuwa zimeingia jumbe 31, waliolipa 19. Nikaona ni kazi nzuri, lakini si ya kushangaza kwa mtu ambaye swali lake moja lilileta majibu 47.

Kisha mama mwenye duka stendi ya Kasulu, ambaye tunamwachia mzigo, akapiga simu kuomba pakiti nyingine. Zake zimekwisha. Watu hawakubonyeza linki. Wametazama video, wamefunga simu, wametembea mpaka dukani wakasema, "Nipe wale wa yule dada."

Ningekuwa nimepima kwa linki peke yake ningemkosea mara ya pili. Linki inamhesabu mtu mwenye bando na mazoea ya kuagiza kwa simu. Wale wasio na picha hawapiti huko.

Tukamwomba mwenye duka aweke daftari, mstari kwa kila mnunuzi, na aulize swali moja: umetusikia wapi? Mpaka mwisho wa giza alikuwa na watu 44 waliomtaja. Ukijumlisha na 19 wa linki ni watu 63, pakiti 71. Faida yetu ni kama 1,500 kwa pakiti, kwa hiyo 106,500. Toa 60,000 za malipo yake na 17,500 ambazo ni gharama ya zile pakiti tano, inabaki 29,000. Si hela ya kujengea. Ni mara ya kwanza tangazo kurudisha gharama yake na kuacha kitu juu.

Bado nina wasiwasi na zile 44. Niliposikiliza vizuri, mwenye duka alikuwa anauliza, "Umesikia kwa yule dada anayepika, eh?" Watu wetu hawapendi kumkatalia mtu mzima anayewahudumia, wengine watakuwa wameitikia kwa adabu. Nimemwomba giza hili aulize bila kumtaja mtu, aandike jina analotajiwa. Namba inaweza kushuka. Ikishuka mpaka 25, tumepata hasara ndogo na itabidi tuongee upya kuhusu malipo, na hilo nimeshamweleza dada mwenyewe. Alisema ni sawa, ila safari hii atapikia dagaa kwa mawese, akina mama wamemsumbua wanataka hiyo.

Leo asubuhi nimemkuta shangazi anafunga mzigo wa basi la Kasulu. Nilisema pakiti 120. Ametazama juu ziwani, akahesabu siku za mwezi kwenye vidole, akafunga 100, na pembeni akaweka mfuko mdogo wa peke yake. Ameuandikia kwa kalamu nyeusi: *Makere, wa maharage.*